Jarida likisomwa na kompyuta: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu ni kwa anayeandika jarida la kikundi, ushirika, parokia au shule, akataka wanachama walisikilize badala ya kulisoma. Nazungumzia njia moja tu: maandishi ya Kiswahili kuingizwa kwenye programu inayotoa sauti. Mifano nimeitoa kwenye Azure ya Microsoft, kwa sababu ina sauti mbili za Tanzania (Rehema na Daudi) na mbili za Kenya (Zuri na Rafiki), na inapokea alama za SSML. SSML ni lugha ndogo ya kuiambia kompyuta hapa pumzika, hapa tamka hivi. Dalili ninazoeleza ndizo zinazojirudia kwa karibu kila anayeanza, na nimezipanga kuanzia inayosumbua watu wengi zaidi.

Kabla ya yote, tenganisha faili mbili. Moja ni jarida la kusoma, usiliguse. Nyingine ni nakala ya sauti, na humo ndimo utakamobadilisha maneno, tarakimu na majina. Wanaofanyia kazi faili moja huishia kuchapisha jarida lenye "Joji" pale palipotakiwa kuandikwa "George".

Dalili ya 1: Sauti inakimbia, habari moja inaingia ndani ya nyingine

Msikilizaji anasikia "taarifa ya mavuno mkutano wa wanachama ulifanyika" kana kwamba ni sentensi moja. Hili ndilo lalamiko la kwanza na chanzo chake mara nyingi ni kimoja: kichwa cha habari hakina nukta. Kwenye karatasi, herufi nene na nafasi ya mstari vinamweleza msomaji kwamba hicho ni kichwa. Herufi nene haisikiki. Weka nukta mwisho wa kila kichwa, na mwisho wa kila kipengele cha orodha, kisha sikiliza tena. Watu wengi hawahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo.

Chanzo cha pili ni sentensi ndefu. Mwandishi wa jarida hupenda kuunganisha kwa "ambapo", "huku" na "pamoja na" hadi mistari minne inapita bila nukta. Jicho linaweza kurudi nyuma, sikio haliwezi. Isome sentensi kwa sauti yako mwenyewe. Pale unapolazimika kuvuta pumzi, ndipo panapotakiwa mkato au nukta.

Chanzo cha tatu ni mkato uliokosekana mahali unapobeba maana. Linganisha:

Mwenyekiti alisema katibu hakufika.
Mwenyekiti, alisema katibu, hakufika.

Kwenye sentensi ya kwanza aliyekosa mkutano ni katibu. Kwenye ya pili ni mwenyekiti. Maneno ni yaleyale. Mtu anayejua kilichotokea mkutanoni atasoma sawa hata mkato ukisahaulika, lakini kompyuta haikuwepo mkutanoni. Kila penye "alisema", "aliongeza" na "kwa mujibu wa", angalia mkato.

Ukishamaliza hayo na bado sauti inakimbia, ndipo uingize alama za kupumzika:

```xml
<speak version="1.0" xmlns="http://www.w3.org/2001/10/synthesis" xml:lang="sw-TZ">
  <voice name="sw-TZ-RehemaNeural">
    Taarifa ya mavuno.<break time="800ms"/>
    Mkutano ulianza saa tatu kamili asubuhi.
  </voice>
</speak>
```

`800ms` ni chini kidogo ya sekunde moja. Kwangu hiyo inatosha baada ya kichwa. Kati ya habari moja na nyingine naweka sekunde moja na nusu, na ndani ya sentensi siweki kabisa, kwa sababu mkato wa kawaida hufanya kazi hiyo vizuri zaidi: unabadilisha na mdundo wa sauti, wakati `break` huleta ukimya mtupu. Sentensi iliyojaa `break` husikika kama mtu anayesoma huku ametishwa.

Dalili ya 2: Majina yanatamkwa vibaya

Hapa ndipo palipo na kazi kubwa, na ndipo wanachama wanapokasirika. Mtu anaweza kuvumilia sauti isiyo na hisia. Jina lake au la baba yake likiharibiwa mbele ya kikundi kizima, hasahau.

Anza na alama ya ng'. Ikiwa Ng'ambo inasomwa kama "Ngambo", au Nyong'o inakatika katikati, andika neno moja, ng'ombe, kwa mkono ndani ya programu ya sauti na ulisikilize. Likitoka sawa, sauti haina kosa. Kosa liko kwenye alama uliyoinakili. Word hubadilisha alama iliyonyooka (') kuwa iliyopinda (’), na kuna sauti zinazoichukua ile iliyopinda kama alama ya kufunga nukuu. Jina linalomalizikia na alama hiyo, kama Achieng', ndilo linaloumia zaidi. Dawa ni kubadilisha zote ziwe zilizonyooka, lakini ukifanya hivyo ndani ya Word bila kuzima urekebishaji wa papo hapo, Word itazipinda tena palepale. Nakili maandishi yote uyapeleke kwenye kihariri cha kawaida kama Notepad, na ubadilishe humo.

Chanzo kinachofuata ni majina ya Kizungu. Kanuni za kusoma Kiswahili zikifuatwa kama zilivyo, George, Joyce na Charles hutoka majina ambayo hakuna mtu anayeitwa hivyo. Alama ya `sub` inamruhusu msomaji wa kompyuta kuona jina moja na kutamka jingine:

```xml
Mweka hazina ni <sub alias="Jois">Joyce</sub>,
na katibu ni <sub alias="Joji">George</sub>.
```

Tahajia ya kutamkia huna haja ya kuifanya iwe nzuri machoni. Jaribu "Jois", jaribu "Joisi", chukua inayosikika sawa na vile watu wa kikundi chenu wanavyomwita.

Cha tatu, na hiki kinahitaji adabu, ni majina ya lugha zetu nyingine. Kwa tahajia ya Kikuyu, herufi c husomwa karibu na sh, kwa hiyo Wacira ni "Washira". Herufi ĩ inakaribia e ya Kiswahili na ũ inakaribia o, lakini vialama hivyo huachwa kwenye orodha nyingi za wanachama, na kompyuta haina namna ya kujua vilikuwepo. Hata vikiwepo bado hujamaliza, maana kuna Wangarĩ anayetamka jina lake Kikuyu kamili, na mwingine aliyekulia Mombasa au Dodoma anayejiita "Wangari" kama linavyosomwa kwa Kiswahili. Kanuni ya lugha haiwezi kukuamulia. Mwenye jina ndiye anayeamua.

Kwa hiyo usikisie. Mwandikie mwanachama ujumbe mfupi: "Shikamoo Mama, tunaandaa jarida la kusikiliza. Naomba unitumie ujumbe wa sauti ukitaja majina yako mawili, ili tuyatamke sawasawa." Wengi hujibu siku hiyohiyo, na hufurahi kuulizwa. Weka majibu kwenye daftari la majina lenye safu nne: jina linavyoandikwa, tahajia ya kutamkia, nani amethibitisha, na lini. Daftari hilo ndilo litakalokuokolea muda toleo lijalo.

Tahadhari moja kuhusu daftari hilo. Usibadilishe majina yote kwa amri ya tafuta na badilisha bila kuchagua "neno zima tu". Ukimbadilisha Rose kuwa "Rozi", Rosemary naye anakuwa "Rozimary". Ukigusa Ali, kila sentensi inayoanza na "Alisema" au "Alifika" inaharibika. Ukigusa Juma, umeharibu Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Jumamosi na Jumapili.

Ikiwa umejaribu tahajia kadhaa na jina bado halitoki, ipo alama ya `phoneme` inayopokea herufi za kifonetiki za kimataifa. Si kila sauti inaitii, kwa hiyo ijaribu kwa jina moja kabla ya kuipangia kazi. Simama hapa kama hujasoma fonetiki: tafuta mwalimu wa isimu au msemaji wa lugha husika mwenye elimu hiyo. Herufi moja ikikosewa inatoa jina jingine kabisa, na kuna lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana. Jambo hilohilo linahusu aya za Qurani na majina ya Kiarabu yanayotajwa kwa heshima. Hayo mpelekee aliyesoma, au ayasome yeye mwenyewe.

Dalili ya 3: Tarakimu, saa na vifupisho vinachekesha au vinapotosha

Kuchekesha kuna unafuu. Kupotosha ndiko kunakomfanya mtu afike mkutanoni watu wameshaondoka.

Saa ndiyo hatari ya kwanza. Mwandishi akiandika "saa 3:00", sauti inaweza kusema "tatu sifuri sifuri". Hilo ni dogo. Kubwa ni tarehe na saa zilizonakiliwa kutoka kalenda ya simu: 09:00 ikisomwa "saa tisa", mwanachama anafika alasiri kwenye mkutano wa asubuhi. Andika saa zote kwa maneno na kwa hesabu ya Kiswahili: saa tatu kamili asubuhi, saa tisa na nusu alasiri, saa tatu kasorobo usiku. Kipindi cha siku kitaje kila mara, hata kama unadhani kinaeleweka.

Baada ya saa, tazama ngeli. "Wajumbe 5" inaweza kutoka "wajumbe tano", na "vitanda 8" ikatoka "vitanda nane". Mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata jina lililotangulia, na moja pia. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo wajumbe watano, vitanda vinane, wanachama arobaini na wanane, lakini wajumbe saba. Kompyuta hukosea hapa mara kwa mara, na masikio ya Kiswahili hulikamata kosa hilo kabla ya jingine lolote. Andika kwa maneno.

Fedha zinahitaji uangalifu wa peke yake. "Elfu kumi na tano" wengi watasikia 15,000, lakini maneno hayohayo yanaweza kuwa 10,005. Kwa mazungumzo muktadha unatosha. Kwa taarifa ya mikopo hautoshi. Mimi huweka mkato unapotenganisha maelfu na mabaki, "shilingi elfu kumi, na shilingi tano", na kwa kiasi chochote kinachohusu deni au gawio namrejesha msikilizaji kwenye jarida la maandishi.

Vifupisho ni kazi ya haraka. Bi., Mh., n.k., k.m., S.L.P. na tar. vyote viandike kwa kirefu. Nukta zilizomo ndani yake pia huifanya sauti ipumzike mahali pasipotakiwa. Vile vinavyotamkwa kama neno, kwa mfano SACCOS na VICOBA, viandike kama watu wanavyovisema: "sakosi", "vikoba". Vinavyotajwa herufi kwa herufi, kama TRA, vipe tahajia ya kutamkia: "ti-ar-ei".

Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua aya hii ya kutunga, ya jarida la ushirika wa kahawa:

> TAARIFA YA MAVUNO
> Mkutano wa tar. 14/6 saa 3:00 asubuhi ulihudhuriwa na wanachama 48 na wajumbe 5 ambapo Mweka Hazina Bi. Joyce alisema kg 12,500 zimekusanywa (tazama jedwali uk. 3) huku Katibu, Achieng’, akiomba malipo yafanywe mapema.

Nakala ya sauti, ikiwekwa ndani ya `speak` na `voice` kama kwenye dalili ya 1, inakuwa hivi:

```xml
Taarifa ya mavuno.<break time="800ms"/>
Mkutano ulifanyika tarehe kumi na nne, mwezi wa sita,
kuanzia saa tatu kamili asubuhi.
Walihudhuria wanachama arobaini na wanane,
na wajumbe watano.
Mweka hazina, Bibi <sub alias="Jois">Joyce</sub>,
alisema zimekusanywa kilo elfu kumi na mbili, na mia tano.
Naye katibu, Achieng', aliomba malipo yafanywe mapema.
<break time="1500ms"/>
```

Sentensi moja imekuwa nne. "Tazama jedwali" imeondoka, kwa sababu msikilizaji hana ukurasa wa tatu wa kutazama. Kama jedwali lina jambo la lazima, litoe kwa sentensi: nani ameongoza, nani ameshuka, jumla ni ngapi. Safu na mistari vikisomwa jinsi vilivyo, hakuna anayebaki na kitu kichwani. Maelezo ya picha ("pichani kushoto") na anwani za tovuti nazo zitoe. Tamko la "Bibi" liulize kwenu; kuna kikundi kinachosema "Bi" tu, na kuna mahali "Mama" ndiyo heshima.

Dalili ya 4: Sauti haitoki kabisa, au inasoma alama

Programu ikitoa kosa badala ya sauti, tafuta kwanza alama ya `&`. "Juma & Wanawe" inatosha kuvunja faili nzima; andika "na", au `&amp;`. Pili, tazama alama za nukuu ndani ya `<break time="800ms"/>`. Ulizinakili kutoka Word? Basi zimepinda, na SSML haizikubali. Tatu, hakikisha kila `<sub>` ina `</sub>` yake.

Ikiwa sauti inatoka lakini inatamka "breki taimu", maana yake programu imeyachukua maandishi yako kuwa ya kawaida. Angalia kama kuna sehemu ya kuchagua SSML. Kwa anayetumia eSpeak NG, programu ya bure inayofanya kazi bila mtandao na yenye Kiswahili, alichosahau ni `-m`:

```
espeak-ng -v sw -m -f jarida.xml -w jarida.wav
```

Sauti yake ni ya kimashine na singewapelekea wanachama, ila inafaa kwa kupima kama alama zako ziko sawa kabla ya kutumia huduma ya kulipia.

Kosa likibaki baada ya hayo matatu, kata faili nusu kwa nusu hadi uipate aya yenye tatizo. Kama ujumbe wa kosa unataja ufunguo, akaunti au malipo, acha, mwite aliyeifungua akaunti au fundi wa programu. Usitume ufunguo huo kwenye kundi la WhatsApp ukiomba msaada; atakayeuona anaweza kuutumia, na bili itakuja kwenu.

Dalili ya 5: Jarida linakatika kabla ya kuisha

Kwa njia ya kawaida ya Azure ya kupata sauti papo hapo, sauti huishia dakika 10 hata kama maandishi yanaendelea. Gawa jarida, kila habari faili yake, kisha ziunganishe kwa programu kama Audacity. Mgawanyo huo una faida ya pili: jina moja likikosewa, unatengeneza upya habari moja tu. Kwa kutuma, MP3 ya njia moja yenye kilobiti 64 kwa sekunde inatosha kwa sauti ya maneno. Dakika 10 zinakaribia megabaiti 5, na mwenye bando dogo anaipakua bila kunung'unika.

Yale usiyoipa kompyuta

Tanzia na salamu za rambirambi zisomwe na mtu. Sauti ya Rehema inatangaza msiba kwa mdundo uleule inaotangazia bei ya mbolea, na hakuna `break` inayotibu hilo. Dakika moja iliyorekodiwa kwa simu, ndani ya chumba chenye mapazia na godoro, na mtu aliyemfahamu marehemu, inapachikwa kwa urahisi kati ya faili nyingine.

Orodha za madeni, namba za simu na taarifa za ugonjwa za wanachama zisipelekwe kwenye huduma ya mtandaoni kabla ya kupata ridhaa na ushauri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Muulize mwanasheria wa ushirika au afisa anayewasimamia kabla ya kubonyeza. Na kama mtu amependekeza sauti ya mwenyekiti inakiliwe ili "asome" jarida zima bila kurekodi, simamisha kazi hadi mwenyekiti mwenyewe akubali kwa maandishi, na kamati ijue sauti hiyo itatumika wapi na itafutwa lini.

Toleo likishakamilika, mtumie kwanza msikilizaji mmoja ambaye hajaliona jarida la maandishi. Muulize mkutano ni lini, saa ngapi, na ni majina gani aliyasikia. Asipoweza kukutajia saa, rudi dalili ya 3. Akitaja jina ambalo hamna mwanachama anayeitwa hivyo, fungua daftari la majina.